Sura ya 6: Wanaouliza Bei na Kupotea

Swali hili nimeulizwa Meru mjini karibu na soko la Gakoromone, nikaulizwa tena Embu, na muulizaji alikuwa mtu yule yule kwa sura tofauti: mwenye duka, simu mkononi, uso wa mtu aliyechoka. "Kila wiki naweka picha ya bidhaa Facebook. Nalipia ifike mbali. Watu wanaandika 'Bei?' Nikijibu wananyamaza. Sasa niandike nini ndiyo wanunue?"

Huwa namwomba anipe simu. Nashuka chini ya tangazo lake, penye maoni. Aghalabu jibu liko pale pale, limeandikwa na watu wengine, bure, na yeye amelipita mara kumi akitafuta wa kumjibu bei.

Sura hii inahusu jinsi ya kuyasoma maoni hayo. Tutatumia maneno mawili. La kwanza ni *kinachouma*: shida ambayo mteja anaishi nayo leo, awe amekusikia au hajakusikia. La pili ni *ndoano*: sentensi ya kwanza ya tangazo, ile inayozuia kidole kisiendelee kuteleza kwenye kioo cha simu. Ndoano ikiandikwa kwa herufi kubwa juu ya bango tunaiita kichwa, lakini kazi yake ni ile ile.

## Mkopo uliogeuka kuwa pesa za nyumbani

Mfano mkubwa kuliko yote nchini tunao mifukoni. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kujaribu M-Pesa wakishirikiana na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Nia haikuwa kutumiana pesa. Nia ilikuwa kumwezesha mkopaji alipe deni lake kwa simu bila kwenda mkutanoni na noti mfukoni.

Waliopewa huduma ile wakaifanyia mambo yao. Waliwatumia ndugu pesa. Walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa walipofika, maana njiani kuna wezi. Waliosimamia jaribio wangeweza kusema wateja wanakosea matumizi. Badala yake waliwatazama na kuwasikiliza, na Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa wote, tangazo halikutaja mkopo hata kidogo. Lilisema jambo moja: tuma pesa nyumbani.

Ukiitazama kauli hiyo utaona haina sifa yoyote ya huduma. Haisemi ni ya haraka, wala salama, wala ya kisasa. Inataja kitu ambacho mtu wa Nairobi alikuwa akikifanya kwa shida kila mwisho wa mwezi, kwa kumpa kondakta bahasha na kuomba Mungu.

Miaka 13 baadaye, Julai 2020, Safaricom na Google walileta mpango wa simu za kulipia shilingi 20 kwa siku na kuuita Lipa Mdogo Mdogo. Neno hilo halikuhitaji kubuniwa ofisini. Muulize mama yeyote anayeuza nguo kwa mkopo sokoni atakwambia analipwaje.

## Tuchukue duka moja

Sasa tushuke hadi kimo chetu. Tuseme una duka Embu mjini unauza mashine za kukata nyasi za ng'ombe, zile za mota ya stima. Wateja wako ni wafugaji wa Manyatta, Runyenjes na Kianjokoma, na ng'ambo ya Chuka kuna Nkubu na Imenti yote. Duka hili ni la mfano, na maoni nitakayoyaandika nimeyatunga kwa kufuata namna watu wanavyoandika. Sikunakili ya mtu yeyote, na sababu yake utaiona mbele.

Chini ya matangazo yako ya miezi mitatu kuna maoni 140. Ondoa "Bei", ondoa "Mko wapi", ondoa wanaoitana majina. Yamebaki 62. Hayo ndiyo mali.

Ongeza na yale yasiyo yako. Soma maoni yaliyo chini ya matangazo ya washindani wako. Soma tathmini za nyota kwenye Google Maps na kwenye maduka ya mtandaoni yanayouza mashine kama hiyo. Tathmini za nyota tano zina adabu nyingi na habari kidogo: "Huduma nzuri, Mungu awabariki." Za nyota moja mara nyingi ni hasira ya siku moja. Mimi naanzia nyota tatu, kwa sababu mtu wa nyota tatu ameitumia mashine, anataka kuwa mwadilifu, na ataandika "iko sawa lakini..."

Kila sentensi yenye uhai iandike kwenye daftari au jedwali la simu, mstari mmoja kwa mtu mmoja, ukijaza:

- maneno yenyewe, bila kuyasahihisha
- hali ya aliyesema (anafuga mwenyewe? ananunulia mzazi? keshanunua?)
- tarehe
- fungu (kazi, stima, usafiri, spea na kadhalika)

Kutosahihisha ndipo wengi wanaponishangaa. Mtu akiandika "ng'ombe inachagua majani inaacha vijiti", mwalimu wa Kiswahili aliyeko ndani yako atataka kuandika "ng'ombe huteua majani na kusaza mashina". Ukifanya hivyo umeitupa mali na kubaki na gunia. Akichanganya Kimeru au Kiembu, acha hivyo hivyo.

## Maneno matano ya kutafuta

Huhitaji kusoma maoni yote kwa macho makali sawasawa. Kiswahili chetu kina maneno madogo ambayo mtu hulazimika kuyatumia anapokaribia kusema ukweli. Yaandike kwenye kisanduku cha kutafutia, kwenye jedwali au WhatsApp, uone yanakotokea.

Lakini. Kilicho kabla yake ni heshima, kilicho baada yake ni habari. "Mashine ni poa lakini visu viliisha makali miezi miwili, spea sikuona Runyenjes."

Kumbe. Hili nalipenda kuliko yote. Mtu akisema kumbe, imani aliyokuwa nayo imeanguka mbele yako. "Kumbe hata inatumia stima ya nyumba ya kawaida!" Umejua sasa kwamba wengine wengi wanadhani ni lazima waya za kiwandani, na hawatakuuliza kamwe. Wataipita tu.

Ati. Linakuletea uvumi. "Ati hizi zilikata mtu vidole?" Uvumi huo umezunguka vijiji kabla yako.

Afadhali. Linakuonyesha unashindana na nani hasa. "Afadhali panga kuliko mashine ya kuharibika kila wiki." Ulidhani mshindani wako ni duka la ng'ambo ya barabara, kumbe ni panga la shilingi mia chache ambalo haliharibiki.

Tangu. Linataja siku shida ilipoanza. "Tangu kijana wa kazi aende Krismasi hakurudi, nakata mwenyewe saa kumi alfajiri na panga."

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Ina saa, ina kifaa, ina mtu aliyeondoka, ina mwezi. Hakuna mwandishi wa matangazo Nairobi ambaye angeitunga. Na chini yake mwingine amemjibu: "Huku vijana wote wako kwa muguka, nani atakubali kukata nyasi?" Anayejua Embu anajua kwamba kuchuma muguka, kama kuchuma miraa kule Igembe, humpa kijana pesa siku ile ile. Kazi ya zizi hungoja mwisho wa mwezi.

## Hesabu watu, usihesabu kelele

Ukishajaza fungu la kila mstari, hesabu. Kama unatumia jedwali la Google Sheets na mafungu yako yako safu ya D, kanuni hii inatosha:

```
=COUNTIF(D2:D,"stima")
```

Kabla ya hapo futa marudio. Kuna mtu mmoja ambaye mashine yake iliharibika Februari na ameandika chini ya kila tangazo tangu hapo. Malalamiko yake ni ya haki, na unapaswa kumpigia simu leo, lakini ni mtu mmoja.

Tuseme mstari mmoja kwa mtu mmoja umetoa hivi: stima 14, kuogopa kulipa kabla ya kuletewa 11, kazi na panga 9, ng'ombe kuacha vijiti 6, spea 6, usalama 5. Mwenye duka akiona stima inaongoza, anakimbia kuandika kichwa: "MASHINE ISIYOKULA STIMA!"

Hapa ndipo pesa nyingi za matangazo hupotea.

## Kinachouma na kinachozuia

Yule anayeuliza "inakula tokeni ngapi?" hana mashine. Stima ya mashine haimsumbui nyumbani kwake, kwa kuwa haijafika. Ameshatamani kununua, na sasa anatafuta sababu ya kusita. Hicho nakiita *kinachozuia*. Kinachouma ni panga la saa kumi alfajiri. Kinachouma humfanya mtu asimame atazame, na kinachozuia humfanya aondoke baada ya kutazama.

Kwa hiyo ndoano hutoka kwenye kinachouma hata kama idadi yake ni ndogo, na kinachozuia hujibiwa ndani ya tangazo, mstari wa pili au wa tatu. Maswali huwa mengi kuliko malalamiko kwa sababu rahisi: kuuliza hakumwaibishi mtu. Kusema "kijana alinikimbia" kunaaibisha kidogo. Watu 9 waliosema hivyo hadharani wanawakilisha wengi walionyamaza.

Jinsi ya kuvitenganisha: jiulize kama sentensi ile ingeweza kusemwa na mtu ambaye hajawahi kusikia kuwa mashine yako ipo. "Ng'ombe inaacha vijiti" ingesemwa. "Mnaleta hadi Kianjokoma?" isingesemwa.

> Kwa ufupi hadi hapa: nakili maneno kama yalivyo, tafuta lakini, kumbe, ati, afadhali na tangu, hesabu watu, halafu weka kinachouma juu ya tangazo na kinachozuia chini yake.

## Kulijibu swali la stima kwa ukweli

Kinachozuia hakijibiwi kwa sifa. "Haili stima" ni uongo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu utendaji wa bidhaa. Pima.

Mota ya nguvu za farasi 3 hutoa takriban kilowati 2.2, na kwa kuwa hakuna mota isiyopoteza kitu, ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta zaidi kidogo ya hapo kutoka kwenye waya. Yuniti moja ya tokeni ni kilowati moja kwa saa moja. Mfugaji wa ng'ombe wawili watatu akiiwasha nusu saa kwa siku, ametumia yuniti moja hadi moja na nusu. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti ya tokeni. Usimwamini hata mwandishi huyu: soma mita, kata nyasi za siku moja, soma mita tena. Ukipiga picha mbili za mita, kabla na baada, umejibu watu 14 bila kuandika insha.

Sasa tangazo linaanza kuonekana:

*Kijana wa kazi alienda Krismasi hakurudi?*
*Mashine hii inakata nyasi za siku nzima kwa nusu saa. Inatumia stima ya nyumba, yuniti moja na nusu hivi kwa siku. Tunaleta, unaiona ikikata, ndiyo unalipa.*

Mstari wa kwanza umetoka kinywani mwa mteja. "Stima ya nyumba" ni ile kumbe. Sentensi ya mwisho inawajibu wale 11 wanaoogopa kutapeliwa, na wana haki ya kuogopa. Lakini usiiandike kama huwezi kuitimiza. Kama unadai malipo kwanza, badilisha utaratibu wako kabla ya kubadilisha tangazo. Facebook huonyesha mistari michache tu kisha hukata na kuweka "See more", kwa hiyo kijana na Krismasi yake lazima wakae juu kabisa.

Je, sarufi? Huwa nasahihisha pale tu ambapo kosa lingemfanya msomaji asimame vibaya. "Ng'ombe inaacha vijiti" naliacha kwenye tangazo la redio au la Facebook, kwa kuwa ndivyo anavyosema msikilizaji mwenyewe. Kwenye bango la barabarani nitaandika "anaacha". Wenzangu wa ofisini hawakubaliani nami, na hatujamaliza ugomvi huo.

## Visivyochukuliwa

Watu 5 walitaja vidole. Ni machungu makubwa kuliko yote, na ndoano ya kutisha ingewasimamisha wengi. Usiiguse kabla ya kuikagua mashine yenyewe: je, mdomo wa kuingizia nyasi una urefu wa kutosha mkono usifike kwenye visu? Kuna kinga? Kuna swichi iliyo karibu na anayelisha? Kama jibu ni hapana, maoni hayo ni ya kumpelekea fundi au aliyekuuzia mzigo, na mwandishi wa matangazo akae pembeni.

Kisha kuna jina la aliyesema. Kuchukua picha ya maoni ya mtu, na jina na sura yake, ukaiweka kwenye bango ni jambo lingine kabisa na kuazima msemo wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa yake. Septemba 2023 kamishna wa data alitoza klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila kibali chake. Msemo kama "panga la saa kumi" unaweza kuwa wa yeyote. Lakini ukitaja kijiji, idadi ya ng'ombe na jina la kijana aliyekimbia, majirani watamjua mwenyewe hata bila picha. Ndiyo sababu sikunakili maoni halisi humu.

## Mwenye ng'ombe na mwenye pesa

Rudi kwenye safu ya pili ya daftari, hali ya aliyesema. Watu wengi huijaza kwa uvivu, na hapa ndipo inapolipa. Wale wazee wenye ng'ombe wenyewe, wangapi huandika maoni Facebook? Wachache. Ukiangalia vizuri utaona sauti ya namna hii: "Nataka moja ya mama, yuko Kianjokoma, mimi niko Nairobi. Nani atamwonyesha kuitumia?"

Huyu hajawahi kuacha kitanda saa kumi kukata nyasi. Anachokijua ni sauti ya mama kwenye simu, akihema, akisema mgongo unauma. Kinachomuuma ni kuwa mbali. Tangazo la kijana wa kazi linampita kidogo. Lake ni hili:

*Mama bado anaamka saa kumi kukata nyasi kwa panga?*
*Lipa ukiwa Nairobi baada ya kumwona kwenye simu akiiwasha. Tunampelekea hadi zizini na kumfundisha.*

Nadhani umeshaona ni kauli gani ya mwaka 2007 inayopumua ndani ya tangazo hili.

Sasa una ndoano mbili, na hujui ipi ni bora. Mimi pia sijui. Zijaribu: picha moja, bei moja, siku zile zile, kiasi kile kile cha pesa, ubadilishe mistari ile tu. La kijana wa kazi lionyeshwe Embu na Meru, la mama lionyeshwe Nairobi, halafu wiki inayofuata ubadilishane, ili usije ukasifu maneno kwa kazi iliyofanywa na mahali. Mwishoni mwa kila moja omba mtu akutumie neno lake WhatsApp: KIJANA kwa la kwanza, MAMA kwa la pili. Usihesabu vidole gumba. Hesabu waliouliza siku ya kuletewa, kisha waliolipa. Kama ni 6 kwa 9, bado hujajifunza kitu, maana tofauti hiyo inaweza kuletwa na siku ya soko. Endelea. Kama ni 4 kwa 19, una habari.

Hata ikishinda, ndoano ina msimu. Ile ya Krismasi ina nguvu Januari, na kufikia Aprili, mvua za masika zikishika na nyasi zikijaa mpakani, msomaji ameshapata kijana mwingine. Ukivuna mahindi na kiangazi kuingia, maoni yatageuka: "Inakata mabua makavu ama ni napia tu?" Ndiyo maana kuna safu ya tarehe. Daftari la mwaka mzima litakuonyesha kila swali hurudi mwezi gani, nawe utaandaa tangazo wiki mbili kabla ya watu kuanza kuuliza.

Na tangazo jipya litaleta maoni mapya. La kwanza litakuwa "Bei?" Lijibu hapo hapo, hadharani, kwa shilingi kamili, bila kumwambia mtu aingie inbox. La pili, kama maneno uliyachagua vizuri, litaanza hivi: "Kumbe mnafika hadi Kianjokoma." Fungua daftari.